Nukta moja kwenye B-splaini: uchanganye nukta elekezi, au uhesabu migao yake?

Una mkunjo wa B-splaini, orodha yake ya mafundo, nukta zake elekezi, na thamani moja ya parameta u. Unataka kujua mkunjo uko wapi kwenye u hiyo. Njia zinazotumika ni tatu, na zote zikiandikwa sawasawa hutoa jibu lilelile. Zinachotofautiana ni kazi unayoifanya bure, mahali makosa yanapojificha, na unachobaki nacho mkononi baada ya kupata jibu.

Njia ya kwanza ni kuhesabu funksheni zote za msingi kwa fomula inayojiita yenyewe, kisha kuzidisha kila moja kwa nukta yake na kujumlisha. Ya pili ni kuhesabu zile tu zisizo sifuri. Tuite thamani zake migao, kwa kuwa kila moja ni mgao wa nukta moja katika jibu, na kwa pamoja hujumlisha 1. Ya tatu ni algoriti ya de Boor. Hiyo haigusi funksheni za msingi kabisa: inachukua nukta elekezi chache na kuzichanganya mbili mbili, hatua kwa hatua, kwa uwiano unaosomwa moja kwa moja kwenye mafundo, mpaka ibaki nukta moja. Fomula iliyo nyuma ya njia zote tatu ilichapishwa mwaka 1972 na Carl de Boor na M. G. Cox, kila mmoja kivyake.

Kwa nukta moja ya mkunjo mmoja wa vipimo viwili au vitatu, tunashauri algoriti ya de Boor. Lakini zipo kazi ambazo migao inaishinda waziwazi, na ni vizuri kuzijua kabla hujaandika msimbo.

Mfano wa kufanyia kazi

Tuchukue mkunjo wa digrii 3 wenye nukta elekezi sita:

```
P0 = (0, 0)    P1 = (0, 4)    P2 = (4, 8)
P3 = (14, 8)   P4 = (22, 0)   P5 = (26, 0)

U = [0, 0, 0, 0, 1, 2, 5, 5, 5, 5]
```

Mafundo ni kumi kwa sababu idadi yake lazima iwe idadi ya nukta kujumlisha digrii kujumlisha moja: 6 + 3 + 1. Tunayahesabu kuanzia u0 hadi u9. Mapengo yake hayalingani kwa makusudi. Mapengo yakilingana, namba nyingi zinafanana na kosa la nafasi linaweza kupita bila kuonekana.

Tunatafuta mkunjo kwenye u = 1.5. Hatua ya kwanza, kwa njia ya pili na ya tatu, ni kujua u imeangukia pengo gani. Hapa iko kati ya u4 = 1 na u5 = 2, kwa hiyo namba ya pengo ni k = 4. Mkunjo wa digrii 3 ndani ya pengo la k huguswa na nukta nne tu, kuanzia k − 3 hadi k. Kwetu ni P1, P2, P3 na P4. P0 na P5 hazina usemi wowote hapa, hata ukizisogeza mbali kiasi gani.

Funksheni zote: kazi nyingi kwa sifuri nyingi

Fomula ya kujirudia huwa ya kwanza kufundishwa, kwa hiyo wengi huiandika kama ilivyo. Funksheni moja ya digrii 3 huita mbili za digrii 2, kila moja ya hizo huita mbili za digrii 1, na hizo huita mbili za digrii 0. Jumla ni miito 15. Kwa nukta zetu sita ni miito 90. Kwa mkunjo wa nukta 100 ni miito 1500, na mwisho wa yote ni majibu manne tu yanayozidi sifuri.

Unaweza kupunguza kwa kujenga jedwali kutoka chini badala ya kuacha funksheni ijiite. Kwa mfano wetu jedwali hilo lina visanduku 9 + 8 + 7 + 6, yaani 30, na vyenye kitu ni kumi. Kwa nukta 100 visanduku ni 406, na vyenye kitu bado ni kumi vilevile.

Kazi ya bure siyo hasara kubwa kuliko zote. Mafundo yanaporudiwa, kama sifuri zetu nne za mwanzo, fomula inadai kugawanya sifuri kwa sifuri, na lazima uweke sharti kwamba hapo jibu lihesabiwe kuwa sifuri. Sharti hilo ni halali, lakini ukishaliweka linameza na makosa mengine. Orodha ya mafundo iliyokosewa, ambayo ingepaswa kukupigia kelele, inapita kimya na kukupa mkunjo wa ajabu. Tena, funksheni ya digrii 0 huwa na thamani 1 pale u inapokuwa kubwa kuliko au sawa na fundo la kushoto na ndogo kuliko la kulia. Kwa hiyo kwenye u = 5, mwisho kabisa wa mkunjo, hakuna pengo linaloikubali u. Funksheni zote zinatoka sifuri na nukta ya mwisho inaruka hadi (0, 0). Ukiona mkunjo uliochorwa vizuri kisha mstari mmoja ulionyooka unarudi kwenye asili ya mihimili, hilo ndilo kosa, na mara chache huwa jingine.

Njia hii inafaa kufundishia, na kuchora umbo la funksheni zenyewe. Kwa kupata nukta moja, iache.

De Boor: nukta nne, mchanganyo sita

Sasa tuingie ndani ya hesabu yenyewe, ambayo tutaiita pembetatu kwa sababu kila mzunguko unapunguza nukta moja mpaka ibaki moja. Tuna nukta nne. Katika mzunguko wa kwanza (r = 1) tunachanganya jirani na jirani na kupata tatu, mzunguko wa pili unatupa mbili, wa tatu moja. Nukta mpya ya nafasi i hupatikana kwa kuchanganya nukta ya nafasi i − 1 na ya nafasi i, na uwiano ni huu, p ikiwa ni digrii:

```
a = (u - u[i]) / (u[i + p + 1 - r] - u[i])
d[i] = (1 - a) * d[i-1] + a * d[i]
```

Isome hivi: kuna dirisha linaloanzia fundo la i, na a ni sehemu ya dirisha hilo ambayo u imeshaivuka. Katika mzunguko wa kwanza dirisha lina upana wa mapengo matatu, wa pili mawili, wa tatu moja. Ukilishika hilo la dirisha linalopungua, huhitaji kukariri namba za nafasi.

Mzunguko wa kwanza, i ni 2, 3 na 4:

Kwa i = 2 dirisha ni kutoka 0 hadi 2, hivyo a = 1.5 / 2 = 0.75. Robo ya P1 na robo tatu za P2 zinatoa (3, 7).

Kwa i = 3 dirisha ni kutoka 0 hadi 5, hivyo a = 0.3. Tunachukua 0.7 ya P2 na 0.3 ya P3, tunapata (7, 8).

Kwa i = 4 dirisha ni kutoka 1 hadi 5, hivyo a = 0.5 / 4 = 0.125. Tunapata (15, 7).

Mzunguko wa pili una i mbili. Kwa i = 3 dirisha ni kutoka 0 hadi 2 na a ni 0.75. Tunachanganya (3, 7) na (7, 8), tunapata (6, 7.75). Kwa i = 4 dirisha ni kutoka 1 hadi 5 na a ni 0.125. (7, 8) na (15, 7) zinatoa (8, 7.875).

Mzunguko wa tatu, dirisha ni pengo lenyewe, kutoka 1 hadi 2, na a ni 0.5. Katikati ya (6, 7.75) na (8, 7.875) ni (7, 7.8125). Hilo ndilo jibu.

Angalia asili za a hizo sita, yaani upana wa madirisha tuliougawanyia: 2, 5, 4, 2, 4, 1. Hakuna sifuri, ingawa orodha imejaa mafundo yaliyorudiwa. Hiyo si bahati ya mfano. Kila dirisha linaanzia kwenye fundo la k au kabla yake, na kuishia kwenye fundo la k + 1 au baada yake, kwa hiyo daima linalifunika pengo lililobeba u. Maadamu pengo hilo lina upana, asili haiwezi kuwa sifuri. Kwa hiyo huhitaji sharti lolote la sifuri kwa sifuri, na hii kwetu ndiyo sababu nzito kuliko kasi: ukiona kugawanya kwa sifuri, una hakika pengo limechaguliwa vibaya, na unajua pa kwenda kutafuta.

Msimbo wake katika Pythoni ni mfupi:

```python
from bisect import bisect_right

def de_boor(U, P, p, u):
    n = len(P) - 1
    k = min(max(bisect_right(U, u) - 1, p), n)
    d = [list(P[k - p + j]) for j in range(p + 1)]
    for r in range(1, p + 1):
        for j in range(p, r - 1, -1):
            i = k - p + j
            a = (u - U[i]) / (U[i + p + 1 - r] - U[i])
            d[j] = [(1 - a) * x + a * y
                    for x, y in zip(d[j - 1], d[j])]
    return d[p]
```

Mzunguko wa ndani unarudi nyuma, kutoka p kushuka. Lazima iwe hivyo kwa sababu tunaandika juu ya orodha ileile: d[j] mpya inahitaji d[j − 1] ya zamani. Ukienda mbele, kila nukta inachanganywa na jirani ambaye tayari amebadilishwa. Kwa mfano wetu x ingetoka takriban 5.65 badala ya 7. Programu haianguki na wala halitokei onyo lolote, kwa sababu jibu bado ni mchanganyo halali wa nukta zilezile. Ni mchanganyo mwingine tu.

Migao minne: pembetatu ileile, iliyogeuzwa

Njia ya pili inapita kwenye madirisha yaleyale lakini kwa mwelekeo wa kinyume. Badala ya kuanza na nukta nne na kushuka hadi moja, inaanza na namba 1 na kuigawa: kwanza kwa wawili, kisha watatu, kisha wanne.

```python
def migao(U, p, u, k):
    N = [1.0] + [0.0] * p
    for r in range(1, p + 1):
        s = 0.0
        for j in range(r):
            R = U[k + j + 1] - u
            L = u - U[k + 1 - r + j]
            t = N[j] / (R + L)
            N[j] = s + R * t
            s = L * t
        N[r] = s
    return N
```

Kwa u = 1.5 mzunguko wa kwanza unatoa 0.5 na 0.5. Wa pili unatoa 0.125, 0.8125 na 0.0625. Wa tatu unatoa 0.03125 kwa P1, 0.6625 kwa P2, 0.2984375 kwa P3 na 0.0078125 kwa P4. Jumlisha, unapata 1 kamili. Zidisha kwa nukta, unapata tena (7, 7.8125).

Hapa pia asili haziwi sifuri, kwa sababu ileile ya madirisha. Na migao yote ni chanya au sifuri, kwa hiyo hakuna namba kubwa zinazotoana na kupoteza tarakimu. Wapo wanaosema de Boor ni imara na migao si imara. Hilo si kweli kwa njia hii ya pembetatu, na usichague kwa hoja hiyo.

Kipi kina gharama ndogo

Kugawanya ni mara sita kwa njia zote mbili katika digrii 3, kwa hiyo hakuna aliyeshinda hapo. Tofauti iko kwenye kuzidisha. Migao inazidisha mara 12 kujiandaa, bila kujali nukta zako zina mihimili mingapi, kisha mara 4 kwa kila mhimili. De Boor haina maandalizi, ila inazidisha mara 12 kwa kila mhimili ukiiandika kwa umbo la (1 − a)x + ay, au mara 6 ukitumia x + a(y − x).

Piga hesabu kwa umbo la pili. Kwa mhimili mmoja ni 6 dhidi ya 16. Kwa mihimili mitatu ni 18 dhidi ya 24. Kwa sita zinakuwa sawa, 36 kwa 36, na kuanzia saba migao inaongoza. Ukitumia umbo la kwanza, migao inaanza kuongoza mapema, kwenye mihimili miwili tu: 24 dhidi ya 20. Ukweli ni kwamba kwa nukta moja tofauti hizi ni ndogo kuliko gharama ya kulitafuta pengo na kusoma kumbukumbu.

Basi kwa nini msimbo wetu hapo juu umetumia umbo la gharama zaidi? Kwa sababu a ikiwa 1, umbo la kwanza linakupa y kamili bila hitilafu. Umbo la x + 1 × (y − x), kwa namba za desimali za kompyuta, linaweza kukosa y kwa tarakimu ya mwisho kabisa. Hilo hutokea pale pasipotakiwa, mwishoni mwa mkunjo, ambapo a zote ni 1 na watu wanategemea mkunjo ukutane na nukta yake ya mwisho bila kuacha hata unywele. Kama unaunganisha mikunjo miwili na programu inauliza kama ncha ni sawa, tarakimu hiyo moja inatosha kuwatenganisha.

Wapi migao inashinda waziwazi

Thamani ya migao iko kwenye kutumika tena. Migao haijui nukta zako. Inategemea mafundo na u peke yake.

Fikiria programu ya kuchora ambapo mtu anavuta nukta elekezi kwa kipanya, na mkunjo unachorwa kwa sampuli 200 zenye u zilezile kila mara. Ukitumia migao, unaihesabu mara moja na kuihifadhi. Kila kipanya kinaposogea, kazi ni kuzidisha mara nne kwa mhimili kwa kila sampuli, bila kugawanya popote. De Boor italazimika kupanda pembetatu nzima upya mara 200, ingawa hakuna fundo hata moja lililobadilika.

Kutafuta mkunjo unaopita karibu na vipimo ulivyonavyo ni kazi nyingine ya migao, na hapo de Boor haiingii kabisa, maana nukta elekezi ndizo zinazotafutwa. Kila kipimo kinakuwa mstari mmoja wa milinganyo wenye namba nne zisizo sifuri, nazo ni migao.

Hata kwenye nyuso hesabu inageuka. Uso wa digrii 3 kwa 3 kwa de Boor ni mistari minne ya mchanganyo sita, kisha mmoja wa mwisho, jumla mchanganyo 30 kwa kila mhimili. Kwa migao ni kuzidisha mara 24 kwa maandalizi ya pande zote mbili, kisha mara 20 kwa kila mhimili.

Ndiyo maana usishangae ukifungua maktaba na kukuta funksheni yenye jina la de Boor ambayo ndani yake inahesabu migao. `scipy.interpolate.BSpline` inafanya hivyo: inapata thamani zisizo sifuri kwenye u, kisha inazidisha kwa nukta, maana inaruhusu nukta zenye mihimili mingi upendavyo. Kwa kujihakiki, `BSpline(U, P, 3)(1.5)` kwa mfano wetu inapaswa kurudisha 7 na 7.8125.

Wapi de Boor haina mshindani

Nukta za katikati ya pembetatu si takataka za hesabu. Chukua mbili za mzunguko wa pili, (6, 7.75) na (8, 7.875). Toa ya kwanza kwenye ya pili, zidisha kwa digrii, gawanya kwa upana wa pengo: 3 × (2, 0.125) / 1 = (6, 0.375). Hiyo ndiyo kasi na mwelekeo wa mkunjo kwenye u = 1.5, na umeipata kwa kutoa mara moja kwa kila mhimili. Kwa njia ya migao ungehitaji seti nyingine ya migao kwa ajili ya mwelekeo.

Kubwa zaidi ni kukata. Ukitaka kuugawa mkunjo vipande viwili kwenye u = 1.5, nukta elekezi za vipande vyote viwili tayari ziko kwenye kingo za pembetatu. Kipande cha kushoto ni P0, P1, (3, 7), (6, 7.75) na (7, 7.8125), chenye mafundo 0, 0, 0, 0, 1 na 1.5 mara nne. Cha kulia ni (7, 7.8125), (8, 7.875), (15, 7), P4 na P5, chenye 1.5 mara nne, 2, na 5 mara nne. Hujafanya hesabu yoyote ya ziada. Unachotakiwa ni kuhifadhi ncha za kila mzunguko kabla hazijaandikwa juu. Migao minne, hata iwe sahihi namna gani, haikupi hata moja ya nukta hizo.

Mafundo yakiwa 0 mara nne na 1 mara nne, kila dirisha ni kutoka 0 hadi 1 na a zote zinakuwa u. Hapo umebaki na algoriti ya Beziye ambayo Paul de Casteljau aliibuni mwaka 1959 akiwa Citroën. Kwa hiyo msimbo mmoja unahudumia zote mbili.

Yanayoharibika, na namna ya kuyatambua

Chanzo cha kwanza cha matatizo ni pengo. Msimbo wa kutafuta kwa kugawa nusu kwa nusu mara nyingi husimama mara tu unapokutana na fundo lililo sawa na u. Fundo likiwa limerudiwa, tuseme 2 iko u4 na u5, na u ni 2, unaweza kusimama kwenye k = 4. Pengo la kutoka 2 hadi 2 halina upana, na mzunguko wa mwisho unagawanya sifuri kwa sifuri. Pythoni ya kawaida itasimama na `ZeroDivisionError`. NumPy na C zitakupa `nan`, na mchoro utakuwa na tundu palepale kwenye fundo. `bisect_right` kutoa moja daima inachukua fundo la mwisho kati ya yaliyorudiwa, na ndiyo sababu tumeitumia. Kwenye u = 5 inatoa 9, na nukta ya nafasi hiyo haipo, kwa hiyo `min` inairudisha kwenye 5, pengo la mwisho lenye upana.

Chanzo cha pili ni NumPy yenyewe. Ukiandika `d = P[k-p:k+1]` hujapata nakala. Umepata dirisha la kuangalia P ileile. Pembetatu itaandika juu ya nukta elekezi zako, jibu la kwanza litakuwa sahihi, na kila jibu linalofuata litazidi kupotoka. Dalili yake ni mkunjo unaobadilika kila unapouchora. Weka `.copy()`. Na kama nukta ziliingizwa kama namba nzima, NumPy inakata desimali kila inapohifadhi: mfano wetu unatoka (7, 7), umepoteza 0.8125 bila neno. Tumia `astype(float)`, ambayo kwa kawaida inakupa na nakala.

Chanzo cha tatu ni mafundo kutoka programu nyingine. Rhino haihifadhi fundo la kwanza na la mwisho, kwa hiyo mkunjo wetu huko ungekuwa na mafundo manane, si kumi. Hesabu mafundo kabla ya kitu kingine chochote. Yakipungua mawili, rudia la kwanza mwanzoni na la mwisho mwishoni. Na hakikisha namba uliyopewa ni digrii, siyo oda, ambayo ni digrii kujumlisha moja.

Kipimo ambacho wengi hukitumia ni kuweka nukta zote ziwe 1 na kuona kama jibu ni 1. Kwa de Boor kipimo hicho hakifai: (1 − a) na a hujumlisha 1 hata a ikiwa ya uongo, kwa hiyo kitapita daima. Tumia kingine. Kwa kila nukta, chukua wastani wa mafundo matatu yanayofuata nafasi yake, yaani u1, u2 na u3 kwa P0, na uendelee hivyo. Kwetu unapata 0, 1/3, 1, 8/3, 4 na 5. Ziweke hizo kama nukta za mhimili mmoja, na jibu lazima liwe u yenyewe. Kwa 1.5, mzunguko wa kwanza unatoa 0.8333, 1.5 na 2.8333, wa pili 1.3333 na 1.6667, wa mwisho 1.5. Ukikosea nafasi ya fundo hata moja, au ukienda mbele badala ya nyuma, namba hii inaharibika mara moja. Ifanye kwa u kadhaa, mojawapo ikiwa ndani ya kila pengo, mojawapo juu ya fundo, na mojawapo mwishoni kabisa.